Hela Ikiingia Kimakosa: Usiile, Wala Usiirudishe kwa Mkono Wako

Makosa mengi ya kutuma pesa huzaliwa kibandani kwa wakala. Mteja anataja namba haraka haraka huku bodaboda zikipiga honi, wakala anasikia saba-tano-nne mahali palipotajwa saba-nne-tano, jina linatokea kwenye skrini lakini hakuna anayelisoma kwa makini, na namba ya siri inabonyezwa. Muda si mrefu simu ya mtu asiyehusika, pengine yuko mkoa mwingine kabisa, inatoa mlio: amepokea shilingi 850,000.

Aliyekosea tunamfahamu. Huyo jasho linamtoka, anapiga simu, haipokelewi, anapiga tena. Mimi nataka kumzungumzia huyu wa pili, aliyepokea, kwa sababu uamuzi umebaki mikononi mwake, na kwa kuwa hakumkosea mtu hudhani hana la kuogopa. Wengi hujua njia mbili tu. Ya kwanza ni kuila hela hiyo na kusema riziki imejileta. Ya pili ni kuirudisha chapuchapu kwa namba iliyopiga simu ili kelele ziishe. Ya kwanza inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Ya pili inaonekana ya kiungwana, lakini imewatia hasara watu wema wengi. Iko ya tatu, nayo ni kuiacha hela ilipo bila kuigusa na kuiachia kampuni ya simu au benki iiondoe yenyewe. Hiyo ndiyo ninayoitetea hapa, na nitaeleza kwa nini.

Tuchukue mfano wa dada mwenye saluni Mbagala. Ni saa mbili kasoro usiku, anafunga fremu. Kwenye simu yake ana shilingi 400,000 alizoziweka kwa ajili ya kodi ya mwezi. Inaingia meseji kwamba amepokea 850,000 kutoka kwa jina asilolijua. Kitu cha kwanza anachopaswa kufanya hakihusiani kabisa na mtumaji: aingie kwenye menyu ya huduma yake na kuangalia salio. Kama yuko M-Pesa Tanzania atapiga *150*00#, na kama anatumia aplikesheni ataifungua. Asiamini salio lililoandikwa ndani ya meseji, wala asimwamini anayempigia na kumwambia "angalia, imeshaingia". Meseji ni maandishi tu, na maandishi yeyote anaweza kuyatunga. Salio la kwenye menyu linatoka kwenye mtambo wa kampuni.

Salio likisomeka 400,000 ileile ya kodi, basi hakuna hela iliyoingia, na anayepiga simu akilia ni tapeli. Meseji ya namna hiyo mara nyingi ukiitazama vizuri utaona imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, si kwenye jina la huduma ambalo meseji zako zote za miamala zimejipanga chini yake. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Unatumiwa meseji ya uongo, unapigiwa na mtu mwenye haraka kubwa, mgonjwa yuko mapokezi, mtoto amefukuzwa shule, gari linaondoka, na wewe kwa huruma unamtumia "hela yake", ambayo kwa kweli ni kodi yako. Watanzania wengi tayari wanaikariri ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Hii ni ndugu yake, ila imevaa nguo za heshima zaidi, kwa sababu haikushawishi kwa tamaa. Inakushika kwa wema wako. Namba ya namna hiyo inaripotiwa kwa kuituma kwenda 15040, huduma iliyowekwa kwa ajili ya kupokea namba za matapeli.

Lakini tuseme salio limesomeka 1,250,000. Hela imeingia kweli. Sasa ndipo penye kazi.

Simu inaita. "Samahani dada yangu, kuna hela yangu imeingia kwako kimakosa, naomba unirudishie kwenye hii hii namba ninayokupigia." Sauti ni ya mtu aliyechanganyikiwa, na huenda kweli kachanganyikiwa. Dada wa Mbagala ana moyo mzuri, anatuma 850,000 na makato analipa yeye. Kesho yake asubuhi anakuta ile 400,000 ya kodi imezuiwa, na kampuni ya simu inamdai salio.

Imekuwaje? Rudi pale kibandani. Wakala alipogundua amekosea, mteja wake alikuwa bado amesimama mbele yake na hela taslimu ameshazitoa. Wakala mwungwana akatuma tena 850,000 kwa namba sahihi, kutoka kwenye floti yake. Kuanzia dakika hiyo, hela iliyopotea si ya mteja tena, ni ya wakala. Wakala akapiga huduma kwa wateja kuomba muamala urudishwe. Wakati huohuo mteja, ambaye alishaiona namba iliyokosewa, ndiye aliyempigia dada wa Mbagala. Dada amemrudishia mtu ambaye alikwishalipwa. Mteja ana 850,000 mbili, wakala bado anadai yake, na mtambo wa kampuni unaona jambo moja tu: muamala wa jana usiku ulikwenda kwa namba ya dada, na ombi la kuurudisha liko mezani. Ule utumaji wa pili alioufanya yeye mwenyewe ni muamala mwingine kabisa, kwenda kwa mtu mwingine, na hakuna kinachouunganisha na wa kwanza isipokuwa maneno yake.

Sijasema mteja huyo ni mwizi tangu mwanzo. Pengine alipopiga hakujua kama wakala atamtumia tena. Ninachosema ni kwamba aliyepokea hana njia ya kujua hela hiyo sasa ni ya nani. Kampuni inaweza kujua, kwa sababu inaona pande zote.

Kuna sura mbaya zaidi ya jambo hilohilo. Tapeli amefanikiwa kuingia kwenye akaunti ya mzee mmoja na kumwibia. Hataki hela iende moja kwa moja kwenye laini yake, maana itafuatiliwa. Anaituma kwa namba yako, halafu anakupigia kwa adabu: samahani mama, nimekosea, naomba unirushie kwenye namba hii nyingine, ile niliyotumia haina chaji. Ukituma, umekuwa daraja. Mzee akiripoti polisi, karatasi za kampuni ya simu zitaonyesha kwamba hela yake ilitoka kwake ikaja kwako, na kwamba wewe kwa namba yako ya siri uliipeleka kwingine. Utaeleza, na huenda utaeleweka, lakini utakuwa unaeleza ukiwa kituoni. Ukiombwa kurudisha hela kwenye namba tofauti na iliyotuma, ichukulie kuwa ni hatari hadi ithibitishwe vinginevyo.

Ndiyo maana jibu salama ni fupi na halina ugomvi: "Sawa kaka, nimeiona, sijaigusa. Piga huduma kwa wateja uombe muamala urudishwe, na mimi wakinipigia nitakubali." Mtu mkweli ataudhika kidogo kwa kucheleweshwa, kisha atafanya hivyo. Tapeli atakuja juu, atatukana, atatishia polisi, au atakata simu. Mimi naona huo ndio mtihani mzuri kuliko mingine yote, kwa sababu mwenye hela hapotezi kitu kwa kupitia kampuni, na asiye na hela hawezi kupitia huko.

Kisha na wewe piga. Tanzania, huduma kwa wateja ya mitandao mikubwa hupatikana kwa namba 100. Sema kwamba hela hii si yako, taja namba ya muamala iliyo kwenye meseji, kiasi na saa, na omba irudishwe ilikotoka. Andika jina la aliyekuhudumia na namba ya malalamiko utakayopewa. Meseji usiifute hata kama inakukera. Kenya utaratibu wa Safaricom ni kwamba mtumaji anaisambaza meseji ya muamala kwenda 456, na kampuni inalishughulikia ombi. Mtumaji wa Kenya pia huonyeshwa jina la mpokeaji kwa sekunde chache kabla hela haijaondoka ili aweze kusitisha, huduma iitwayo Hakikisha, ila watu wengi wana haraka na hawalisomi.

Kwa nini kampuni isiichomoe tu hela palepale mtumaji anapolalamika? Kwa sababu wapo pia wanaonunua bidhaa, wakalipa, wakaondoka na mzigo, kisha wakapiga simu kudai wamekosea namba. Muuza duka angefilisika. Kwa hiyo kampuni kwa kawaida huizuia kwanza hela iliyobaki, kisha humtafuta mpokeaji na kumuuliza kama anaitambua. Hapo ukubali wako unakuwa kwenye kumbukumbu. Na kama hela ni halali yako, ni malipo ya kitenge ulichouza asubuhi, hapo ndipo mahali pa kusema hapana na kueleza. Usikubali kitu usichokielewa kwa sababu tu aliyepiga ana sauti ya ofisini, na hakuna mfanyakazi wa kweli atakayehitaji namba yako ya siri ili kurudisha muamala.

Sasa tuje kwa wale wanaoila.

Hoja yao huwa moja kati ya hizi: sikuiomba, imeletwa na Mungu; nimeiokota; au nitamrudishia mwisho wa mwezi, kwa sasa nina shida. Kila moja ina jibu katika sheria, na majibu hayo yamekuwepo tangu kabla simu za mkononi hazijazaliwa.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema aliyelipwa fedha kwa makosa ana wajibu wa kuzirudisha. Haiulizi kosa lilikuwa la nani, wala haijali kama mlipaji alikuwa mzembe. Mtumaji anaweza kuwa mzembe kupindukia na bado hela ikawa yake. Huo ni upande wa madai, ambako mbaya zaidi ni kuamriwa ulipe pamoja na gharama za kesi.

Upande wa jinai ndio watu wasioujua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya zinaeleza wizi kwa maneno yanayofanana, kwa kuwa zilitoka kwenye shina moja la enzi za ukoloni. Mwizi si yule tu anayechukua. Ni pamoja na anayegeuza mali ya mwingine kuwa ya matumizi yake kwa hila. Hela imeingia yenyewe, hujaichukua. Lakini unapoitoa kwa wakala ukijua si yako, hapo umeigeuza. Kisha sheria inaongeza kipengele ambacho natamani kingebandikwa kwenye kila kibanda cha wakala: ikiwa mali yenyewe ni fedha, kukusudia kuzitumia kwa utashi wako kunatosha kuwa nia ya wizi, hata kama ulikusudia kuzirudisha baadaye. Yaani ile "nitamrudishia mwisho wa mwezi" haimwokoi mtu. Sheria iliiona ikija na ikaifungia mlango. Adhabu ya jumla ya wizi Tanzania inafika miaka saba jela, na Kenya miaka mitatu.

Na ile ya kuokota? Sheria kweli inamwonea huruma aliyeokota kitu kilichopotea. Haimwiti mwizi kama hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Noti ya elfu kumi iliyolowa kwenye mtaro wa Kariakoo inaweza kuwa hivyo. Hela ya mtandao haiwezi. Imekuja na jina la mtumaji, namba, tarehe, saa na namba ya muamala, na kampuni iliyoileta iko umbali wa simu moja ya bure. Hakuna mahakama itakayoamini kwamba mwenyewe hapatikani wakati amekupigia mara tisa na wewe umemblock.

Kenya wamekwenda hatua moja mbele. Sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 35, inamgusa moja kwa moja mtu anayeficha au kushikilia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa na yaliyopaswa kumfikia mwingine. Hapo hata kuitumia si lazima. Kuishikilia tu kwa makusudi kunatosha. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Ni kweli pia kwamba kesi nyingi za hela ndogo haziendi mbali. Mtu anaitwa kituoni, anaambiwa arudishe, anarudisha, yanaisha. Upelelezi huwa na mashaka pale mpokeaji anapoweza kusema kwa haki kwamba alidhani ni hela yake. Mtu anayesubiri mchango wa harusi kutoka kwa watu arobaini, au aliyeweka namba yake ya simu kukusanya marejesho ya kikoba, anaweza kweli kutoa 50,000 asijue kwamba imepotea njia. Huyo hana hila. Lakini hila hupimwa kwa mwenendo, na mwenendo unaachwa kwenye simu: ulipigiwa saa ngapi, ulipokea ukazungumza dakika ngapi, ulitoa hela yote dakika kumi baada ya simu hiyo, kisha ulizima laini kwa siku tatu. Na laini yenyewe Tanzania, tangu usajili wa mwaka 2019, imefungwa na alama ya kidole chako na namba yako ya NIDA. Kuivunja laini hakuvunji kumbukumbu.

Kesi iliyonifundisha zaidi kuhusu jambo hili ilitokea Afrika Kusini. Juni 2017 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Walter Sisulu alitarajia posho yake ya mwezi kutoka mfuko wa serikali wa kusomesha wanafunzi: randi 1,400 za chakula na vitabu. Kampuni iliyokuwa ikisambaza posho hizo ilikosea, na akaunti yake ikapokea randi zaidi ya milioni 14. Hakumwambia mtu. Katika siku 73 alitumia takriban randi 818,000, wastani wa randi 11,000 na ushei kila siku, yaani kila siku moja ilimeza posho ya miezi minane. Alinunua nguo, simu na vitu vingine vingi. Siri ilivuja pale risiti ya supamaketi yenye salio lake ilipoanza kusambaa chuoni.

Watu walimtetea, na ninaelewa kwa nini. Alikuwa msichana wa familia ya kawaida, hakudukua mtambo wowote, na kosa lilikuwa la watu wazima wenye ofisi. Hoja hizo zote zilifika mahakamani. Februari 2022, karibu miaka mitano baadaye, alitiwa hatiani kwa wizi, na mwezi uliofuata akahukumiwa miaka mitano jela. Rufaa ilimwondolea jela, akapewa kifungo kilichosimamishwa pamoja na kazi za kijamii, lakini hatia yenyewe ilibaki palepale. Mahakama ilishikilia jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa bila kusoma sheria: anayesubiri 1,400 na kuona milioni 14 anajua hela si yake, na kukaa kimya huku akitumia ni kuamua. Tazama pia muda. Siku 73 za kununua, na miaka karibu mitano ya kwenda na kurudi mahakamani katika umri ambao wenzake walikuwa wanamaliza shule na kutafuta kazi.

Ethiopia waliona kitu cha jamii hiyohiyo tarehe 16 Machi 2024. Mtambo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia ulikuwa na hitilafu, na kwa saa kadhaa wateja waliweza kutoa au kuhamisha hela zaidi ya walizokuwa nazo. Habari ilienea kwenye simu za wanafunzi wa vyuo, foleni zikajaa kwenye mashine za kutolea fedha. Benki haikuhitaji wapelelezi wa ajabu. Ilikuwa na orodha. Iliwataka watu warudishe, wengi wakarudisha, na wale waliokaidi walikuta majina yao na picha zao zimetangazwa hadharani na benki.

Kuna shimo lingine ambalo halihusu tamaa wala hila, na linawapata waaminifu. Ni mikopo ya papo hapo. Mtu ameshatumia Songesha ya Vodacom Tanzania, au Fuliza ya Safaricom, na salio lake liko kwenye deni. Huduma hizi zimejengwa hivi: hela yoyote ikiingia, deni linakatwa kwanza. Mtambo haujui kama iliyoingia ni mshahara au hela ya mtu aliyekosea namba. Kwa hiyo dada wa Mbagala angekuwa na deni la 60,000, angefungua simu na kukuta kati ya zile 850,000 zimebaki 790,000, na yeye hajagusa kitu. Mtumaji akisikia hivyo ataamini anatapeliwa.

Lakini fikiria vizuri: deni lililolipwa lilikuwa la nani? Lake. Amefaidika kwa 60,000 hata kama hakutaka, kwa hiyo anadaiwa 60,000 na mtumaji. La kufanya ni kulisema mapema, kwenye ile simu ya kwanza ya huduma kwa wateja: zimebaki kiasi hiki, kiasi hiki kimekatwa na mkopo, nitalipa sehemu hiyo kufikia tarehe fulani. Aliyesema kabla ya kuulizwa anaaminika. Aliyesema baada ya kushikwa anaonekana anajitetea, hata kama maneno ni yaleyale.

Benki nako mambo ni hayohayo, ila mwendo ni wa polepole na hela huwa kubwa zaidi. Hapa ni vizuri kutenganisha makosa mawili. Kama benki yenyewe ndiyo imekosea, kwa mfano imeingiza malipo yaleyale mara mbili, kwa kawaida inarekebisha vitabu vyake, na wewe utaona mstari mmoja wa kuingia na mwingine wa kutoka kwenye taarifa ya akaunti. Kama aliyekosea ni mteja mwingine, aliandika tarakimu moja tofauti kwenye namba ya akaunti, benki kwa kawaida itaizuia hela na kukuomba idhini ya maandishi, na ukikataa mlipaji atalazimika kwenda kutafuta amri ya mahakama. Wapo wanaodhani kukataa idhini ni ujanja wa kubaki na hela. Ni kuhamisha tu shauri kutoka kaunta ya benki kwenda kwa hakimu, na kuongeza gharama ambazo mwisho utadaiwa wewe.

Ukienda tawini, nenda na barua fupi nakala mbili: namba ya akaunti yako, tarehe, kiasi, maneno yaliyoandikwa kwenye muamala, na sentensi moja kwamba huitambui hela hiyo na hujaitumia. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Naisisitiza nakala hiyo kwa sababu wafanyakazi wa tawi huhama, na miezi minane baadaye, ukaguzi ukifika, anayekuja kuuliza hatakuwa yule uliyezungumza naye. Kama benki au kampuni ya simu inakuzungusha, malalamiko yanaweza kupelekwa Benki Kuu, lakini kwanza lazima uwe umemlalamikia mtoa huduma mwenyewe. Hapo tena ile nakala yenye muhuri ndiyo ushahidi wako.

Mshahara nao una mtego wake. Mtu ameacha kazi Machi, Aprili mshahara unaingia kama kawaida, Mei pia. Anajiambia ni kiinua mgongo au stahili zake za likizo. Huenda ni hivyo, lakini stahili huja na barua inayozieleza. Zikija kimya kimya, kwa kiasi kilekile cha kila mwezi, mwulize mwajiri kwa maandishi na usubiri jibu kabla ya kuzigusa. Mtumishi wa umma ajihadhari zaidi, maana hela hiyo ni ya hazina, na ukaguzi wa serikali hauna haraka lakini hufika.

Na kama hakuna anayejitokeza? Wiki imepita, mwezi umepita, umepiga simu, umeandika barua, hela bado imelala pale. Iache ilale. Muda wa kudai haki za kimkataba Tanzania na Kenya ni miaka sita, na palipo na kosa sheria zote mbili zinampa mdai nafasi ya kuhesabu kuanzia alipoligundua, si siku lilipotokea. Jinai nayo haizeeki kwa kupita miezi. Ukiona inakusumbua macho kwenye akaunti ya matumizi ya kila siku, muulize mtoa huduma kama anaweza kuizuia kwa maandishi. Usiihamishe wewe mwenyewe kwenda akaunti nyingine, hata kama nia ni kuitunza, kwa sababu kwenye taarifa ya akaunti kuitunza na kuificha havina tofauti.

Aliyekwisha kuila, na sasa anasoma haya moyo ukimdunda, bado ana la kufanya, na siku ya kulifanya ni leo kabla hajaitwa. Apige huduma kwa wateja au aende tawini, aseme kiasi gani kimebaki na kiasi gani ametumia. Kilichobaki kizuiwe. Kwa kilichotumika aombe makubaliano ya maandishi ya kulipa kwa awamu, yenye tarehe na kiasi anachokimudu kweli, na kila awamu ipite kwenye namba au akaunti iliyotajwa ndani ya makubaliano hayo, isiwe taslimu mkononi mwa mtu. Kama polisi wameshaingia, aombe namba ya RB, na kila risiti ya malipo ipelekewe mpelelezi iwekwe kwenye jalada. Kulipa hakufuti kosa lililokwishatendeka, na asimwamini anayemwambia hivyo. Lakini mwenye hela aliyelipwa mara nyingi hana hamu ya kuendelea na kesi, na hata ikiendelea, hakimu akifikia adhabu atakuwa na karatasi hizo mbele yake.